Mapato ya wakala katika soko la mtandaoni

Mapato ya wakala ni kamisheni au ada ambayo soko la mtandaoni huandika kama mapato yake pale linapowakutanisha muuzaji na mnunuzi bila lenyewe kuwa muuzaji wa bidhaa. Bei kamili anayolipa mnunuzi haiingii katika mapato ya soko, hata kama fedha zote zimepita katika akaunti yake ya benki. Kwa makampuni yanayofuata Viwango vya Kimataifa vya Taarifa za Fedha (IFRS), yakiwemo ya Kenya na Tanzania, suala hili linaongozwa na kiwango cha IFRS 15, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018.

## Swali la msingi

IFRS 15 inauliza swali moja: je, kampuni ilikuwa na udhibiti wa bidhaa kabla ya bidhaa hiyo kumfikia mteja? Kama ndiyo, kampuni ni mhusika mkuu na huandika bei yote. Kama sivyo, ni wakala, na kazi yake ni ya dalali: kupanga ili mtu mwingine auze.

Dalili tatu husaidia kutoa jibu. Ya kwanza ni nani anawajibika kwa mteja bidhaa isipofika au ikiwa mbovu. Ya pili ni nani anapata hasara bidhaa isiponunuliwa au ikirudishwa. Ya tatu ni nani anapanga bei. Dalili hizi husaidia tu kupima udhibiti; hakuna hata moja inayoamua peke yake.

## Mfano wa hesabu

Tuseme fundi anauza jiko kwa shilingi 100,000 kupitia soko la mtandaoni linalotoza kamisheni ya asilimia 12. Fundi ndiye aliyepanga bei, na jiko likikosa mnunuzi linabaki kuwa lake. Mnunuzi analipa 100,000 kwa soko. Kabla jiko halijafika, soko halina mapato yoyote; fedha hizo ni deni. Jiko likishapokelewa na kazi ya soko kukamilika, 12,000 huwa mapato, na 88,000 hubaki deni hadi fundi alipwe.

Jedwali hili linalinganisha hesabu hiyo na ya duka lililonunua jiko lilelile kwa 88,000 na kuliuza lenyewe (kodi imeachwa):

| | Wakala | Mhusika mkuu |
|---|---|---|
| Mapato | 12,000 | 100,000 |
| Gharama ya bidhaa | 0 | 88,000 |
| Faida ghafi | 12,000 | 12,000 |

Faida ni ileile, lakini mapato yanatofautiana zaidi ya mara nane. Kwa hiyo soko linaloandika bei kamili huonekana kubwa kuliko lilivyo, bila kupata hata shilingi moja zaidi.

## Kisa cha Groupon

Groupon, kampuni ya Chicago iliyoanzishwa mwaka 2008, iliuza mtandaoni vocha za punguzo za migahawa, saluni na biashara nyingine. Ilipoomba kuuza hisa kwa umma mwaka 2011, iliandika kuwa mapato yake ya mwaka 2010 yalikuwa dola milioni 713.4, yaani fedha zote zilizolipwa na wateja. Sehemu ya wafanyabiashara iliwekwa kama gharama.

Mnamo Septemba 2011, wakati mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani ikipitia maombi hayo, Groupon ilirekebisha hesabu. Kanuni za Marekani za wakati huo pia ziliangalia ni nani anawajibika kumhudumia mteja, na aliyepika chakula au kukata nywele alikuwa mfanyabiashara. Mapato ya mwaka 2010 yakashuka hadi dola milioni 312.9. Hasara ya mwaka huo haikubadilika, kwa kuwa gharama nazo zilipungua kwa kiasi hichohicho.

## Mambo yanayochanganya

Kupokea fedha za mnunuzi si ushahidi wa udhibiti. Kuhifadhi bidhaa ghalani pia hakutoshi, ikiwa zisizouzwa hurudishwa kwa mwenyewe. Hata umiliki wa kisheria unaopita mikononi mwa soko kwa kitambo kifupi tu haulifanyi kuwa mhusika mkuu.

Uamuzi hufanywa kwa kila aina ya bidhaa au huduma, si kwa kampuni nzima. Amazon, kwa mfano, huandika bei kamili ya bidhaa inazouza yenyewe, lakini kwa bidhaa za wauzaji wengine huandika kamisheni na ada za huduma zake.

Masoko mengi hutangaza pia thamani ya jumla ya mauzo, yaani bei za bidhaa zote zilizouzwa kupitia kwao. Takwimu hiyo huonyesha ukubwa wa biashara inayopita sokoni, lakini si mapato. Kamisheni ikigawanywa kwa thamani hiyo hupatikana kiwango ambacho soko hubaki nacho. Katika mfano wa jiko ni asilimia 12. Msomaji anayelinganisha makampuni mawili huangalia kwanza maelezo ya sera ya mapato katika taarifa za fedha, kwa sababu humo ndimo kampuni hueleza inaposimama kama wakala na inaposimama kama muuzaji.