Kishikwambi cha Mbagala kinachoganda alasiri

Duka moja la jumla la vinywaji huko Mbagala, wilayani Temeke, linatumia kishikwambi kimoja pale kaunta. Programu ya mauzo inafunguliwa asubuhi na haifungwi mpaka usiku. Mteja akiagiza, mhudumu anafungua skrini ya oda, anaichapa kwa printa ndogo ya Bluetooth ili kijana wa stoo atoe mzigo, kisha anaifunga. Ikifika alasiri, ukibonyeza kitu unasubiri.

“Kaka, kimestaki tena,” mwenye duka alinipigia. Yeye alishajipatia dawa: anaizima programu na kuiwasha upya. Dawa hiyo ilinionyesha pa kuanzia, maana hifadhidata iliyojaa isingepona kwa kuzima na kuwasha. Akaongeza kwamba Jumamosi, wateja wakifurika, kinaganda mapema zaidi. Kama ni hivyo, kumbukumbu haikuwa inaliwa na saa zinazopita, ilikuwa inaliwa na jambo fulani ambalo wahudumu wanalirudia.

Kulipata jambo hilo kunataka uvumilivu kuliko ujanja. Unachagua kitendo kimoja, unakirudia mara nyingi kwa namna ileile, na kila baada ya awamu unarudi skrini ya mwanzo na kupima. Mizunguko michache ya kwanza usiihesabu, kwa sababu programu bado inapakia picha na fonti itakazozitumia siku nzima. Kabla ya kusoma kipimo, bonyeza kitufe cha Android Studio kinacholazimisha usafishaji wa kumbukumbu, la sivyo utahesabu takataka ambazo zingeondoka zenyewe. Kipimo chenyewe ni amri moja:

```
adb shell dumpsys meminfo tz.duka.mauzo
```

Tulianza na kutafuta bidhaa. Kumbukumbu ilipanda kidogo katika awamu ya kwanza, ikapanda kidogo zaidi katika ya pili, kisha ikatulia. Huko si kuvuja. Programu inajiwekea akiba ya picha za bidhaa, na akiba ina kikomo. Wengi hukosea hapa: wanaona namba imepanda mara moja, wanaanza kufumua msimbo usio na kosa.

Skrini ya oda ilikuwa na tabia nyingine. Kuifungua na kuifunga mara 20 kuliongeza megabaiti 60 na ushei. Mara 20 nyingine zikaongeza kiasi kilekile, na awamu ya tatu vivyo hivyo. Tuliirudia bila kuchapa chochote, na bado ilipanda, kwa hiyo kuchapa hakukuhusika. Gawanya 60 kwa 20 upate megabaiti 3 kwa kila oda. Juu ya skrini hiyo kuna nembo ya duka yenye pikseli 1024 kwa 768. Kila pikseli ikichukua baiti 4, nembo moja ni megabaiti 3 kamili. Hesabu ikilingana hivyo, unajua ni kitu gani kinachobaki, ila hujajua nani anakishikilia.

Mtu aliyetazama mstari wa `Java Heap` peke yake angekosa haya yote. Tangu Android 8.0, pikseli za picha hukaa upande wa `Native Heap`, na huko ndiko namba zilikokuwa zikikimbia. Mstari wa kuaminika zaidi upo chini ya ripoti, kwenye sehemu ya `Objects`, unaoitwa `Activities`. Ukiwa skrini ya mwanzo unatakiwa usome 1. Wetu baada ya awamu ya kwanza ulisoma 21: skrini 20 za oda zilizofungwa zilikuwa bado hai, kila moja na nembo yake.

Mfagiaji wa kumbukumbu huondoa tu kile ambacho hakuna anayekishikilia. Skrini ya oda ilikuwa ikijiandikisha kwa kitu cha printa ili ijulishwe karatasi ikiisha, na kitu hicho huishi muda wote programu ikiwa hai. Kujiandikisha kulikuwepo, kujitoa hakukuwepo. Sehemu iliyokosekana ni hii:

```
override fun onDestroy() {
    Printa.wasikilizaji.remove(this)
    super.onDestroy()
}
```

Tukarudia jaribio lilelile, si jingine, na `Activities` ikarudi 1 baada ya kila awamu.

Njia hii ina mpaka wake. Kosa linaloacha kilobaiti chache kwa kila oda halionekani katika marudio 20, kwa sababu kumbukumbu hupanda na kushuka yenyewe kwa zaidi ya hapo. La namna hiyo linahitaji marudio ya mamia, na kidole kitachoka. Afadhali kuandika skripti inayobonyeza kwa `adb shell input tap` na kuiacha ikesha, huku ikirekodi kipimo kila baada ya oda 100.