Rangi Moja, Vitambaa Tofauti

Watu wakitoka kuswali Idi, Unguja au Lamu, utaona wanaume wengi wamevaa nyeupe tupu kuanzia kofia hadi kanzu, na wote wanapendeza. Mtazame mmoja kwa karibu. Kanzu yake ya pamba inaanguka kwa mikunjo mirefu, na kila mkunjo una kivuli chake. Shingoni pana nakshi za uzi mweupe unaong'aa kidogo kuliko kitambaa. Kofia imeshonwa kwa mkono, imejaa vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, na ndani ya kila kitundu kuna kiza. Mavazi yote ni meupe, lakini kila kimoja kinaupokea mwanga kivyake.

Sasa mfikirie mtu aliyenunua blauzi na suruali za rangi ya kaki, zote za pamba ile ile nyepesi, akaongeza viatu vya kaki. Huyo kwa mbali anaonekana kama amevaa sare ya kazini. Ukivaa nyekundu na nyeusi, tofauti ya rangi inatosha kumwonyesha mtazamaji wapi blauzi inaishia na sketi inaanzia. Ukiiondoa tofauti hiyo, jicho linabaki na mambo mawili ya kushika: jinsi kitambaa kinavyorudisha mwanga, na jinsi rangi ilivyokoza au kupauka.

Tuanze na kitambaa, kwa sababu ndicho kinachosahaulika zaidi. Satini inang'aa kwa kuwa nyuzi zake zinapita juu kwa urefu kabla ya kuzama ndani ya mfumo, hivyo uso wake ni laini na mwanga unarudi kwa pamoja. Mahameli ina vinyweleo vilivyosimama, mwanga unazama katikati yake, na ndiyo maana mahameli nyeusi inaonekana nyeusi kuliko nguo nyeusi nyingi. Kitani kina nyuzi nene na nyembamba zilizochanganyika, kwa hiyo uso wake hautulii. Lesi ina matundu, na shifoni inaacha kilicho chini yake kionekane. Nguo mbili za rangi moja kabisa, moja ya satini na nyingine ya kitani, zitaonekana kama rangi mbili za ukoo mmoja. Ukiwa na vitambaa viwili vya tabia tofauti, umeshamaliza nusu ya kazi. Vitatu vinatosha. Vikizidi hapo vinaanza kugombana.

Jambo la pili ni ukolezi, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Rangi zinazokaribiana sana bila kufanana ndizo mbaya kuliko zote. Mwanamume akivaa koti jeusi la suti moja na suruali nyeusi ya suti nyingine, moja ikiwa na ubuluu kidogo na nyingine imeanza kuchujuka, kila mtu ataona kwamba alitaka zifanane zikashindwa. Ama vipande vitoke kwenye jora moja, ama vitofautiane waziwazi. Mafundi wazuri wanakuambia ununue kitambaa chote siku moja kutoka jora moja, kwa sababu hata jora mbili zenye namba moja ya rangi zinaweza kuwa zimetoka kwenye mapipa tofauti ya kutia rangi. Ukirudi mwezi ujao kutafuta mita moja ya kuongezea, huenda usiipate tena.

Kuna njia rahisi ya kupima. Panga nguo zako kitandani, zipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama blauzi na sketi zimekuwa kijivu kimoja, ujue majina ya rangi yanakudanganya: moja inaitwa ugoro na nyingine kijani cha jeshi, lakini ukolezi wao ni sawa. Badilisha moja mpaka picha ionyeshe walau viwango viwili vinavyotengana bila kutafutwa.

Tuchukue mfano mmoja, wa mwanamke anayekwenda kwenye shughuli ya mchana na ameamua kuvaa familia ya kahawia. Sketi yake ni ndefu, ya krepu, kahawia iliyokoza. Krepu haing'ai na inaanguka vizuri, kwa hiyo inafaa kubeba eneo kubwa. Juu avae blauzi ya satini ya rangi ya kaki, iliyopauka kuliko sketi kwa hatua mbili tatu, na aichomekee kiunoni ili mpaka uonekane. Mtandio uwe wa kitani cha krimu. Viatu na mkoba viwe vya ngozi ya kahawia, vyenye wekundu kidogo. Hapo kuna viwango vitatu vya ukolezi na namna nne za mwanga. Kama angevaa viatu vyeusi, macho yote yangeshuka miguuni.

Kabla ya kununua atazame kahawia zake zinaegemea wapi. Kahawia nyingine ina wekundu ndani yake, nyingine ina unjano, nyingine inakaribia kijani. Iweke juu ya karatasi nyeupe na utaona mara moja. Sketi na blauzi zikiegemea pande zinazopingana, zile za kijani zitaonekana chafu kando ya zile za wekundu. Kipimo hiki kifanywe mlangoni mwa duka, kwenye mwanga wa mchana, maana rangi mbili zinaweza kulingana kabisa chini ya taa ya dukani na kuachana ukifika barabarani.

Katika familia ya kahawia, ngozi ya mvaaji nayo ni mojawapo ya rangi. Blauzi yenye ukolezi ule ule wa uso wako inapotea, na wewe unapotea nayo. Kwa hiyo kile kinachokaa karibu na uso kipande au kishuke hatua mbili kutoka rangi ya ngozi yako, na kahawia inayokulingana ipelekwe kwenye sketi au suruali. Mikono iliyokunjwa hadi karibu na kiwiko, au shingo iliyo wazi kidogo, inasaidia pia, kwa sababu inakata eneo refu la kitambaa.

Mahameli inahitaji tahadhari ya peke yake. Vinyweleo vyake vinalala upande mmoja. Ukipitisha kiganja kuelekea chini ni laini na inang'aa kidogo, ukipandisha juu inakwaruza na kuwa nzito zaidi kwa rangi. Fundi akigeuza kipande kimoja ili kubana kitambaa, gauni litakuwa na paneli moja nyeusi na nyingine ya kijivu, ingawa zote zimetoka jora moja. Mwambie mapema akate vipande vyote vielekee upande mmoja, na umnunulie kitambaa cha ziada, kwa sababu ukataji huo unaacha mabaki mengi.

Suti au seti ya rangi moja inaharibikia pia kwenye beseni. Suruali huvaliwa mara nyingi kuliko koti, hufuliwa mara nyingi zaidi, na baada ya muda vipande vilivyozaliwa pamoja havifanani tena. Fua vyote kwa pamoja hata kama kimoja ndicho kilichochafuka, vigeuze ndani nje, na uvianike kivulini.