Barua ya kusitisha ajira: kuanzia Kumb. Na. hadi sahihi

Barua ya kusitisha ajira ni taarifa ya maandishi ambayo mwajiri humpa mfanyakazi, kumjulisha kwamba mkataba wao utakoma tarehe fulani na kwa sababu fulani. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi hiyo iwe ya maandishi, itaje sababu, na itaje tarehe iliyotolewa. Namna barua itakavyopangwa sheria imeiachia desturi ya maofisi, na desturi hiyo si urembo. Barua ya aina hii husomwa na watu wawili wanaojua kila kitu kilichotokea, yaani mwajiri na mfanyakazi. Wakishindwa kuelewana, husomwa na mtu wa tatu asiyejua lolote, ambaye ni msuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kila sehemu ya barua hujibu swali ambalo mtu huyo wa tatu angeuliza.

Mfano wa kufuatia ni wa kiwanda kidogo cha mikate mjini Morogoro. Kilikuwa na stoo mbili, sasa zimeunganishwa kuwa moja, na mtunza stoo mmoja hana nafasi tena. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 2021 na hulipwa kwa mwezi. Barua yake inaandikwa na kukabidhiwa tarehe 3 Juni 2024.

Juu kabisa hukaa jina na anwani ya kiwanda, ambavyo kwa kawaida vimekwisha chapishwa kwenye karatasi. Chini yake, upande wa kushoto, hufuata kumbukumbu namba, inayofupishwa Kumb. Na., na upande wa kulia hukaa tarehe. Katika barua hii mstari huo unasomeka hivi:

Kumb. Na. JB. 47/12          3 Juni 2024

Watu wengi huichukulia kumbukumbu namba kama pambo la kuifanya barua ionekane ya kiofisi. Ukweli ni kwamba namba hii ni anwani ya barua ndani ya masijala, chumba au kabati linalotunza majalada. Herufi JB hapa zinamaanisha jalada binafsi, yaani faili la mfanyakazi mmoja. Namba 47 ni ya jalada lenyewe, na 12 ni folio, yaani nafasi ya barua hiyo katika mfuatano wa karatasi zilizomo. Kila ofisi hujichagulia herufi zake. Linalohitajika ni kuufuata mpango uleule siku zote. Kiwanda kisicho na masijala kinaweza kutumia daftari moja la kuorodhesha barua zinazotoka, zikipewa namba kwa mfuatano wa mwaka.

Manufaa yake huonekana pale barua moja inapoitaja nyingine. Mtunza stoo hakupewa barua hii kwa ghafla. Anayepunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji hutakiwa kwanza kutoa taarifa ya kusudio lake, kueleza sababu, na kushauriana na wahusika. Kwa hiyo barua ya Juni inaanza kwa kurejea barua Kumb. Na. JB. 47/10 ya tarehe 6 Mei 2024, iliyotangaza kusudio hilo, na muhtasari wa kikao uliofunguliwa kama folio ya 11. Msuluhishi akiona 10, 11 na 12 zikifuatana katika jalada, anaiona njia yote iliyopitiwa. Kosa la kawaida ni kunakili barua ya mfanyakazi mwingine kwenye kompyuta, kubadili jina na kusahau namba. Jalada la mtunza stoo likitolewa likiwa na barua yenye namba ya dereva, au folio ya 12 ikiwa mara mbili, mwajiri atalazimika kueleza karatasi ipi iliandikwa lini.

Tarehe iliyo mkabala na namba hiyo ina uzito wake. Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi hustahili notisi isiyopungua siku 28. Wa kulipwa kwa siku au kwa wiki, siku 4. Na aliye katika mwezi wake wa kwanza wa kazi, siku 7. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi muda huo uwe sawa kwa pande zote mbili. Barua ya mtunza stoo ikikabidhiwa tarehe 3 Juni, na hesabu ikianza siku inayofuata, siku ya 28 huangukia 1 Julai 2024. Barua iliyochapwa tarehe 3 lakini ikalala mezani kwa meneja hadi tarehe 10 huiharibu hesabu yote. Vilevile notisi haitolewi mfanyakazi akiwa likizo, wala siku za notisi hazihesabiwi sambamba na siku za likizo.

Hufuata jina na anwani ya mwandikiwa, kisha salamu. Jina liandikwe kamili, kama lilivyo kwenye mkataba, hata kama kiwandani kote mtu huyo anajulikana kwa jina la utani. Kuhusu salamu, Tanzania neno Ndugu limekaa katika barua za kiofisi tangu siku za Ujamaa na bado ndilo linalofaa zaidi: halimpandishi mtu wala kumshusha, na hutumika kwa mwanamume na mwanamke. Bwana na Bibi pia ni sahihi. Mpendwa halifai hapa. Katika barua inayomwondoa mtu kazini, neno hilo husomeka kama kejeli hata pale mwandishi alipokusudia upole. Barua nyingi za serikali huiacha salamu kabisa, zikitoka kwenye anwani moja kwa moja hadi kichwa cha habari. Mtindo huo si kosa, ila mtu binafsi anayepokea barua nzito huona baridi yake.

Kichwa cha habari ndicho sehemu inayoharibiwa zaidi. Tanzania hutanguliwa na Yah., kifupi cha yahusu. Kenya hutumika zaidi KUH., kifupi cha kuhusu. Huandikwa kwa herufi kubwa au kupigiwa mstari. Kazi yake ni kumwambia msomaji, kabla hajagusa aya ya kwanza, ni jambo gani limeamuliwa:

YAH: KUSITISHWA KWA AJIRA YAKO KUTOKANA NA KUUNGANISHWA KWA STOO

Mstari huo umetaja tendo na sababu. Mwandishi mwoga angeandika YAH: TAARIFA, au YAH: MABADILIKO YA UENDESHAJI, na mtunza stoo angefika aya ya tatu ndipo agundue kwamba hana kazi. Lakini uoga una nafuu kuliko kosa la kuchanganya maneno yanayofanana. Kusimamishwa kazi ni kuwekwa kando kwa muda, kwa mfano uchunguzi ukiendelea, huku ajira ikiwa bado ipo. Kusitishwa kwa ajira au kuachishwa kazi ni mwisho wa mkataba. Kufukuzwa kazi, kwa masikio ya wengi, ni kuondolewa kwa kosa. Kiwanda kikiandika KUSIMAMISHWA KAZI kwenye kichwa na kwenye aya za chini kikamtaka mfanyakazi akabidhi funguo na kuchukua malipo ya mwisho, barua imejipinga yenyewe. Na neno KUSUDIO likibaki kwenye kichwa kutoka barua ya Mei, mfanyakazi anaweza kudai kwa haki kabisa kwamba uamuzi ulikuwa haujafanyika.

Aya za kati hazihitaji wingi wa maneno. Ya kwanza hurejea barua na kikao vilivyotangulia. Ya pili hutaja uamuzi, sababu na siku ya mwisho ya kazi. Ya tatu hutaja malipo. Mtunza stoo amemaliza miaka 3 kamili, na kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kwake ni siku 21. Mshahara wake wa siku ukiwa shilingi 15,000, hiyo ni shilingi 315,000. Miezi minne ya ziada, kuanzia Machi hadi mwanzo wa Julai, haihesabiki kwa kuwa mwaka wa nne haukutimia. Mishahara ya siku alizofanya kazi na likizo ambayo hakuichukua hutajwa kando, pamoja na cheti cha utumishi atakachopewa.

Kenya ina sharti moja linalostahili kuigwa popote. Sheria ya Ajira ya huko ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri, pale mfanyakazi asipoweza kuielewa notisi, ahakikishe anaelezwa kwa mdomo katika lugha anayoielewa. Barua iliyoandikwa Kiingereza na kukabidhiwa mtu anayesoma Kiswahili peke yake haijakamilisha kazi yake.

Mwisho wa barua una vipande vinne vidogo. Cha kwanza ni neno la kufungia. Wako katika ujenzi wa taifa lilizoeleka sana katika barua za serikali na mashirika ya umma, na wapo wanaolitumia hadi leo. Wako mtiifu ni la mtu wa chini kwa mkubwa wake. Mkurugenzi akimwandikia hivyo mtu anayemwondoa kazini, ni kichekesho. Wako, peke yake, latosha.

Cha pili ni sahihi, jina kamili na cheo. Anayetia sahihi awe na mamlaka ya kuajiri na kuachisha. Akisaini mwingine kwa niaba ya meneja, huandika K.n.y. mbele ya cheo cha meneja na jina lake mwenyewe chini ya sahihi, ili ijulikane ni mkono wa nani. Muhuri huongezwa, lakini haujazi nafasi ya sahihi.

Cha tatu ni orodha ya nakala: mhasibu atakayelipa, tawi la chama cha wafanyakazi kama mfanyakazi ni mwanachama, na jalada binafsi. Ubao wa matangazo haumo.

Cha nne husahaulika mara nyingi, nacho ni mstari wa kupokelea. Chini ya nakala itakayobaki ofisini huandikwa: Nimeipokea barua hii leo tarehe …, kisha nafasi ya jina na sahihi. Wafanyakazi wengi hukataa kuweka sahihi hapo wakidhani watakuwa wamekubali kuachishwa. Sahihi hiyo hushuhudia kupokea tu, na ni vizuri mstari useme hivyo waziwazi. Akikataa bado, shahidi aliyekuwapo huandika kwamba barua ilitolewa mbele yake, tarehe na saa, na kusaini. Tarehe hiyo ya kupokea ina faida kwa mfanyakazi pia, kwa sababu huonyesha iwapo alipewa siku zake 28 kamili. Na akiona ameachishwa isivyo haki, ana siku 30 tangu ajira ilipositishwa za kupeleka mgogoro wake mbele ya Tume.