Urefu wa Papa Potwe Kutoka Kwenye Picha

Papa potwe akipigwa picha kando ya boti, urefu wake hukadiriwa kwa hesabu ya uwiano, mradi urefu wa boti unajulikana. Karibu na Kilindoni, kisiwani Mafia, samaki huyu huogelea karibu na uso wa bahari na boti za watalii humsogelea, kwa hiyo picha za namna hii hazikosekani. Tatizo ni kwamba boti na samaki mara nyingi hawako umbali mmoja kutoka kwenye kamera, na kilicho mbali huonekana kidogo.

Tuseme droni imepiga picha ikiwa mita 20 juu ya bahari, kamera ikitazama chini moja kwa moja. Boti ina urefu wa mita 7, uliopimwa kwa futi kamba kutoka omo hadi tezi bila kuhesabu injini inayoning'inia nyuma. Kwenye picha boti ina sentimita 14 na potwe 11. Kila sentimita ni nusu mita, basi potwe anaonekana kuwa na mita 5.5.

Jibu hilo ni dogo mno. Ukingo wa boti uko mita 1 juu ya maji, yaani mita 19 kutoka kwenye kamera, ilhali potwe yuko mita 2 chini ya maji. Mwanga hupinda unapotoka majini, hivyo kina hicho kikitazamwa kutoka juu huwa kama mita 1.5. Kwa kamera, samaki yuko mita 21.5. Mita 5.5 zikizidishwa kwa 21.5 na kugawanywa kwa 19, hupatikana takriban mita 6.2. Droni ingepanda hadi mita 60, tofauti hii ya asilimia 13 ingeshuka hadi kama 4, ndiyo maana picha ya juu zaidi ni bora, ilimradi ncha za samaki zinaonekana wazi.

Picha iliyopigwa kutoka boti nyingine ni ngumu zaidi. Potwe akigeuka nyuzi 30 tu, picha huonyesha asilimia 87 ya urefu wake. Wa mita 6.2 huonekana wa 5.4. Kichwa kikiwa kikubwa na mkia mwembamba kupita kawaida, huenda amemwelekea mpiga picha, na picha hiyo haifai kupimia. Mkia uliopinda nao hupimwa kwa kufuata mstari wa mgongo, kuanzia ncha ya pua hadi ncha ya mkia.

Kwa kuwa kina cha samaki chenyewe hukisiwa, ni haki kuandika "mita 6 hadi 6.5" kuliko 6.22. Watafiti wanaotaka usahihi zaidi hutumia miali miwili sambamba ya leza, iliyoachana kwa mfano sentimita 50: nukta zake zikitua ubavuni mwa potwe, kipimio kinakuwa juu ya mwili wenyewe, na boti haihitajiki tena.