Sita au Tisa? Kusema na Asiyesikia Vizuri Nyumbani

Kiswahili kina nambari mbili ambazo mtu mwenye usikivu hafifu huzichanganya kila mara: sita na tisa. Zitamke polepole, utaona kwa nini. Irabu ni zile zile, i kisha a. Konsonanti pia ni zile zile, s na t, ila zimebadilishana nafasi. Asiyezinasa s na t hubaki na "i-a" tu, halafu anakisia. Katika mji kama Isiolo, ambako bei ya mbuzi hujadiliwa nyumbani kabla mifugo haijafika sokoni, kukisia kati ya elfu sita na elfu tisa kunaweza kuzua ugomvi wa wiki nzima.

Chanzo kimo ndani ya sikio. Irabu zina sauti nzito, na nguvu yake kubwa iko chini ya hezi 1,000. Konsonanti kama s, f, sh na t ni nyembamba na dhaifu. Nguvu yake iko juu ya hezi 2,000, na ile ya s hupanda hata kupita 4,000. Seli za sikio la ndani zinazopokea sauti hizo nyembamba ndizo hufa kwanza, kwa umri, kwa kelele za miaka mingi, au kwa dawa fulani kama sindano za streptomaisini zilizotumika sana kutibu kifua kikuu. Zikifa hazioti tena. Ndiyo maana mzee husema, "Nawasikia, lakini siwaelewi, mnameza maneno." Anasema kweli. Sauti inamfikia, ila imenyofolewa konsonanti. Wanaodai kwamba husikia anachotaka tu, kwa sababu aliitikia alipoitwa chai, wanamwonea: neno "chai" saa ya chai hata nusu yake inatosha.

Jambo la kwanza ambalo familia hufanya ni kupiga kelele, na halifai. Anayepiga kelele huongeza nguvu ya irabu kuliko ya konsonanti, kwa hiyo kile kilichokuwa kikisikika kinasikika zaidi, na kilichopotea kinazidi kumezwa. Tena sikio lililoharibika halikuongezewa uvumilivu. Sauti ndogo haliisikii, lakini kubwa huliumiza kama linavyoumia sikio zima, na pengine upesi zaidi. Nafasi kati ya "sikusikii" na "mbona unanifokea" imekuwa nyembamba. Kumwinamia na kumsemea sikioni ni kubaya pia, kwa kuwa unamnyima kitu anachokihitaji kuliko sauti yako, yaani uso wako.

Angalia maneno fika, pika na shika. Kwa sikio dhaifu yote matatu ni "-ika". Kwa jicho ni maneno matatu tofauti: kwenye f meno ya juu hugusa mdomo wa chini, kwenye p midomo hufumba, kwenye sh midomo husogea mbele. Jicho nalo lina upofu wake. Baba, mama na papa yanafanana kabisa midomoni, na hapo ndipo sikio husaidia, kwa sababu mvumo wa m kupitia puani ni mzito na mara nyingi bado unasikika. Mwaka 1954, watafiti wa Marekani, Sumby na Pollack, walionyesha kwamba kadiri kelele inavyozidi ndivyo kumwona msemaji kunavyomfaa zaidi msikilizaji. Mzee wako anaishi ndani ya hali hiyo kila siku, hata pakiwa kimya.

Sasa tuingie katika nyumba moja ya kufikirika, mtaani Bulla Pesa. Kuta ni za mawe, sakafu ni ya saruji, paa ni la mabati. Nyanya, ambaye wajukuu wake Waborana humwita akoo, ameketi pembeni. Mwanawe anarudi jioni, anasimama mlangoni, jua la magharibi likiwa mgongoni mwake, shavu moja limejaa miraa, televisheni inanguruma, na anasema kwa haraka: "Wale mbuzi sita watapelekwa sokoni kesho." Akoo anaitikia kwa kichwa. Hakupata kitu.

Tuhesabu makosa. Yuko umbali wa mita nne. Akisogea hadi mita moja, sauti inayotoka kinywani mwake moja kwa moja itaongezeka kama desibeli 12, bila yeye kupaza sauti hata kidogo. Ndani ya nyumba hiyo umbali una madhara mengine, kwa sababu saruji, mawe na mabati hurudisha sauti, na mwangwi wa irabu moja hufunika konsonanti inayofuata. Ukiwa karibu, sauti ya moja kwa moja huushinda mwangwi. Ukiwa mbali, mwangwi hushinda. Ni ajabu kidogo kwamba kibanda cha fito na mikeka alimozaliwa akoo huenda kilifaa zaidi kwa mazungumzo kuliko nyumba ya mawe aliyojengewa na mwanawe, kwa kuwa mikeka na ngozi hunyonya sauti. Zulia, pazia zito na magodoro vinapunguza mwangwi. Kukaa nje chini ya mti kunauondoa karibu wote. Mvua ikianza kupiga mabati, acha tu. Hakuna ufundi wa kusema unaoshinda kelele hiyo, ngoja ipite.

Jua lililo mgongoni linaufanya uso wa mwana kuwa kivuli. Angelizunguka na kukaa upande ambao mwanga unamwangukia yeye. Usiku, taa ya sola iwekwe impige msemaji usoni, isimwangaze akoo machoni. Kuhusu miraa sitagombana na mtu, lakini shavu lililojaa haliwezi kusomwa, basi ateme kwanza. Televisheni izimwe. Kupunguza sauti yake si sawa na kuizima, kwa maana sikio lenye hitilafu haliwezi kuchuja usemi kutoka kwenye usemi mwingine.

Kisha namna ya kutamka. Mwaka 1985, Picheny na wenzake katika chuo cha MIT waliwataka wasemaji wasome sentensi mara mbili, kwanza kama wanavyoongea kawaida, kisha kwa kutamka wazi. Wasikilizaji wenye usikivu hafifu waliyapata maneno kwa alama kama 17 zaidi katika kila 100 pale yalipotamkwa wazi. Wasemaji walipunguza mwendo hadi karibu nusu, wakakamilisha kila konsonanti, wakaongeza vituo kati ya mafungu ya maneno. Huko si kukata silabi, "wa-ta-pe-le-kwa," kama mwalimu wa chekechea. Ukikata hivyo unaua mkazo na kiimbo, navyo humsaidia msikilizaji kujua neno linaanzia wapi. Sema fungu zima, tua, sema jingine.

Kiswahili kina mtego ambao vitabu vya Kiingereza haviwezi kuuona. Wakati na ukanushi wetu hubebwa na silabi ndogo iliyofichwa ndani ya kitenzi. Alikuja, anakuja, atakuja: tofauti yote iko katika li, na, ta, ilhali mkazo uko kwenye "ku". Silabi inayobeba habari ndiyo isiyopewa nguvu. Atakuja na hatakuja zinatenganishwa na h, pumzi tupu. Kwa hiyo usimwachie kitenzi kazi yote. Tanguliza wakati: "Kesho, atakuja." "Jana, alikuja." Ukikanusha, anza na hapana, ukitikisa na kichwa: "Hapana, hatakuja." Kisarufi ni kurudia, lakini msikilizaji anapata nafasi mbili za kunasa jambo moja. Nambari zipewe vidole. Sita ni kiganja kizima na kidole kimoja, tisa ni kiganja na vidole vinne. Midomo haitakuokoa hapo, kwani s na t zote hutamkwa nyuma ya meno na hazionekani vizuri.

Mwana wetu basi anaanza upya. Anakaa mbele ya akoo, anamgusa mkono au kumwita jina ili amtazame, anangoja macho yakutane. "Mama, habari ya mbuzi." Hapo ubongo wa msikilizaji umeshapunguza maneno yanayowezekana, kutoka maelfu hadi machache. "Kesho asubuhi." Anatua. "Mbuzi sita," na vidole sita. "Tunapeleka sokoni."

Asipoelewa, rudia mara moja tu, kisha badilisha maneno. Neno lililopotea mara mbili litapotea mara ya tatu, kwa kuwa tatizo ni sauti zake. "Sokoni" imeshindikana? Sema "kuuza". Bora zaidi, muulize amepata nini. Akisema, "Mbuzi wanaenda wapi?" basi mbuzi wamefika salama, kilichobaki ni mahali tu, usirudie hadithi nzima. Wala usiseme "haidhuru, achana nayo." Hakuna sentensi inayomtoa mtu kwenye familia haraka kama hiyo.

Kuitikia kwa kichwa kusikudanganye. Wengi hukubali ili wasisumbue watu. Ukitaka kujua kama ameelewa, uliza swali lisilojibika kwa ndiyo: "Tunaondoka saa ngapi?" Akijibu "ndiyo," umepata jibu lako.

Nyumba za Isiolo zina ugumu mmoja zaidi: lugha. Meza moja inaweza kuanza kwa Kiborana, ikaruka Kiswahili mgeni Mmeru akiingia, vijana wakamalizia kwa Sheng. Anayesikia vizuri haoni tabu. Asiyesikia vizuri hujaza mapengo kwa kukisia, na hawezi kukisia kama hajui ni lugha gani inayosemwa. Mtu mmoja amwashirie kwamba mada au lugha imebadilika, na wasemaji wasikatizane, kwa maana akigeuza kichwa kumtafuta wa pili ameshampoteza wa kwanza. Yeye mwenyewe akae kona ambayo nyuso zote anaziona. Kusikiliza namna hii kunachosha sana. Mambo ya shamba, deni au dawa yasisubiri saa tatu usiku.

Mbinu hizi zina mpaka. Zinamfaa aliyebakiwa na usikivu kiasi, na hata akiwa na kifaa cha kusaidia kusikia bado atazihitaji, maana kifaa hukuza sauti na kelele pamoja. Kwa asiyesikia kabisa, lugha yake ni Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 imeitambua hata kuwa lugha rasmi ya Bunge, na familia inapaswa kujifunza. Sikio linalotoa usaha au lililozibwa na nta ni la kupelekwa kliniki, lisitiwe mafuta wala njiti. Na ikiwa mtu aliyekuwa akisikia vizuri amepoteza usikivu wa sikio moja ghafla, ndani ya siku tatu au chini ya hapo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo: dawa zinazoweza kuurudisha hufaa zaidi zikianza ndani ya wiki mbili za mwanzo.