Mstarini, Asubuhi Baada ya Matokeo ya Moko

Matokeo ya moko yakishabandikwa kwenye ubao wa matangazo, kidato cha nne hunyamaza. Wengine hutafuta namba zao kwa kidole, wakiziona huondoka bila kuaga. Asubuhi inayofuata kengele inagongwa, wimbo wa taifa unaimbwa, mwalimu wa zamu anakagua sare, kisha mkuu wa shule anasogea mbele ya mstari. Ana dakika kama 10 kabla jua halijawa kali na kipindi cha kwanza hakijaanza. Mtihani wa taifa ni Novemba. Atakachosema katika dakika hizo kitaamua wengi wao wataitumiaje miezi iliyobaki.

Nimefundisha Historia katika shule za sekondari za kata hapa Tanzania, na hotuba za asubuhi kama hiyo nimezisikia nyingi. Zipo za kufoka na zipo za kubembeleza. Mwaka mmoja, katika shule ambayo sitaitaja, waliopata sifuri waliitwa mbele kwa majina, wakageuzwa wawatazame wenzao. Wiki iliyofuata madawati mawili ya nyuma yalikuwa matupu. Hotuba ya kubembeleza haimuumizi mtoto hivyo, ila nayo humwacha palepale. Anaambiwa asikate tamaa, aongeze juhudi, na yeye anajua kwamba juhudi aliiweka. Alikesha prepo akisoma madaftari, na bado amepata D. Aongeze nini tena?

Hotuba niliyoiona ikifanya kazi ilitolewa na mkuu wa shule mmoja aliyekuwa mwalimu wa Hisabati. Aliwaagiza viranja walete ubao mstarini. Baada ya salamu akasema, “Wanangu, matokeo ni mabaya na sitawaficha. Leo tutapiga hesabu.” Akaandika alama za mwanafunzi wa kubuni, ili asiaibike mtu: Kiswahili 52, Historia 43, Uraia 41, Jiografia 39, Bailojia 33, Kiingereza 27, Hisabati 11.

Kila mwanafunzi wa kidato cha nne anaijua mizani ya Baraza la Mitihani, lakini wachache huitumia kujipimia. C inaanzia alama 45 na D inaanzia 30. Chini ya hapo ni F. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Masomo 7 aliyofanya vizuri zaidi ndiyo yanayojumlishwa, na pointi zikiwa chache daraja linakuwa zuri. Mwanafunzi yule wa ubaoni ana C moja, D nne na F mbili, yaani pointi 29. Hilo ni daraja la nne.

Mwalimu akauliza, “Historia inakosa ngapi kufika C?” Mstari ukajibu: mbili. Uraia? Nne. Jiografia? Sita. Na Kiingereza kinakosa ngapi kutoka F kwenda D? Tatu. Akajumlisha: alama 15. Masomo hayo manne yakipanda ngazi moja moja, 29 inakuwa 25, na 25 ni daraja la tatu. Mwanafunzi huyo sasa ana C nne, na mlango wa kidato cha tano ambao jana ulikuwa umefungwa umefunguka. Hisabati yake imebaki F ileile. Nilikuwa nimesimama upande wa walimu, nikaona watoto wakianza kuhesabu kwa vidole, kila mmoja na alama zake.

Nguvu ya hotuba ile ilikuwa hapo. Aibu ya “nimefeli” haina mwisho wala mahali pa kuishika. Alama mbili za Historia zinashikika. Zimepotea katika swali fulani, ukurasa fulani, na zinaweza kutafutwa.

Kwa hiyo akahamia kwenye karatasi zenyewe. Siku hiyohiyo walimu wa masomo wangerudisha karatasi zote zilizosahihishwa, na kila mwanafunzi angepitia kila alama aliyokosa na kuitenga katika mafungu matatu: nilijua nikakosea, nilijua nusu, sikujua kabisa. Tulipofanya kazi hiyo darasani kwangu, fungu la kwanza na la pili yalikuwa makubwa kuliko tulivyotarajia. Swali limetaka hoja sita, mtoto ameandika tatu na kuhamia swali jingine. Au ameambiwa afafanue, yeye ameorodhesha. Mitihani ya sekondari huandikwa kwa Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili na masomo machache mengine, na mwanafunzi asiyelielewa vizuri neno la amri katika swali hujibu swali ambalo hakuulizwa. Hapo tatizo si Historia, na kukesha na daftari la Historia hakutalitibu.

Halafu akagusa jambo ambalo wakuu wa shule wengi huliruka: namna ya kusoma. Akawaambia waache kurudia kusoma daftari mara tano. Wasome mada mara moja, walifunge, waandike kwenye karatasi tupu kila wanachokumbuka, ndipo walifungue kuona walichokiacha. Ushauri huo una ushahidi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la namna hiyo. Waliopimwa dakika 5 baada ya kusoma walikumbuka zaidi kama walikuwa wamerudia kusoma. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu kukumbuka bila kitabu ndio waliowapita wenzao. Ndiyo maana mtoto huenda kulala akiamini mada ameimeza, na siku ya mtihani haipati. Kurudia kusoma kulimpa uhakika wa usiku ule tu.

Hesabu ya ubaoni ina mipaka yake, na mwalimu yule hakuificha. Aliyepata F masomo yote ana pointi 35, na kumwahidi daraja la tatu ndani ya miezi mitatu ni kumdanganya. Kwake hesabu ni nyingine: D mbili zinamfikisha 33, nje ya sifuri. Lakini hayo hayasemwi mbele ya shule nzima. Mwalimu alisema tu kwamba mwalimu wa taaluma atakaa na kila mmoja peke yake, na akaikaa ahadi hiyo. Katika mazungumzo hayo ndipo yalipojitokeza mambo ambayo hotuba haiwezi kuyatibu: mtoto anayetembea mwendo mrefu kuja shule bila kunywa chai, na mwingine anayelea wadogo zake usiku.

Ili kujua kama hotuba imefika, usisikilize makofi, maana makofi hupigwa kwa kila hotuba. Tazama mlango wa ofisi ya walimu. Mkuu yule alimaliza kwa agizo moja: kufikia Ijumaa, kila mmoja amletee mwalimu wa somo swali moja kutoka fungu la “nilijua nusu”. Jumatano nilikuwa na wanafunzi sita wakisubiri kwenye korido. Ijumaa niliwaomba wengine warudi Jumatatu, na wakarudi.

Mwalimu mwenzangu, kama ni wewe utakayesimama mbele ya kidato cha nne mwaka huu, hakikisha karatasi zao zimeshasahihishwa na ziko tayari kurudishwa siku hiyohiyo. Kama bado, ahirisha hotuba.