Anayetangulia Sokoni Huzidi kwa Kiasi Gani?

Mwaka 1838 Mfaransa Antoine Augustin Cournot alichapisha kitabu cha uchumi ambamo alizungumzia chemchemi mbili za maji ya madini, kila moja na mwenyewe. Maji ni ya ubora uleule, na kuyachota hakugharimu kitu. Kila mmoja anaamua peke yake apeleke maji kiasi gani, na bei inapangwa na wingi wa maji yote yaliyofika sokoni. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1934, Mjerumani Heinrich von Stackelberg alichambua hali nyingine: mmoja ametangulia kupeleka maji yake, na wa pili ameyaona kabla ya kuamua. Je, aliyetangulia anapata zaidi, na ni zaidi kwa kiasi gani?

Tutumie namba nyepesi. Tuseme bei ya dumu moja, kwa sentimi, ni 120 kutoa idadi ya madumu yote yaliyoko sokoni. Yakifika madumu 50, bei ni 70. Yakifika 100, bei ni 20.

Tuanze na Cournot, ambapo wote wawili wanaamua kwa wakati mmoja. Kanuni ya kila mmoja ni fupi: chukua 120, toa madumu unayotarajia mwenzako alete, kisha peleka nusu ya kinachobaki. Ukipeleka zaidi ya hapo, bei inaanguka kuliko unavyofaidi. Ukipunguza, unaacha pesa sokoni. Kiasi kinachomridhisha kila mmoja ni madumu 40, kwa kuwa 120 kutoa 40 ni 80, na nusu yake ni 40. Jumla ni madumu 80, bei ni sentimi 40, na kila mmoja anaondoka na sentimi 1,600.

Kwa nini mmoja wao asiongeze dumu la 41? Kwa sababu mwenzake hataliona kwa wakati, naye atabaki na 40 zake. Bei itashuka hadi 39, na 41 mara 39 ni 1,599. Amejiongezea kazi akapoteza sentimi moja.

Sasa mmoja atangulie. Akiweka madumu 41, mwenzake anayaona na kuifuata ileile kanuni ya nusu: 120 kutoa 41 ni 79, hivyo analeta 39 na nusu. Bei haishuki sentimi nzima, inashuka nusu tu, hadi 39.5. Mapato ya aliyetangulia ni 41 mara 39.5, yaani 1,619.5. Dumu lilelile lililokuwa hasara limekuwa faida, kwa kuwa kila dumu analoongeza linamfanya mwenzake apunguze nusu dumu. Siri yote ya kutangulia imo hapo.

Aendelee kuongeza hadi wapi? Akiweka madumu 60, mfuasi analeta 30. Jumla ni 90, bei ni 30. Kiongozi anapata 1,800, mfuasi 900. Akifika 61, mfuasi analeta 29.5, bei inakuwa 29.5, na mapato ya kiongozi yanateremka hadi 1,799.5. Basi kikomo ni 60.

Ukilinganisha, kiongozi ameuza asilimia 50 zaidi ya pale walipoamua pamoja, lakini mapato yake yamepanda asilimia 12.5 tu, maana bei imeshuka. Mfuasi amepunguza maji kwa robo, na mapato yake yamepungua karibu asilimia 44. Wanunuzi ndio wamepata nafuu: maji zaidi, kwa bei ya chini.

Faida hii ina sharti gumu: kiasi cha kiongozi lazima kionekane, na kisiweze kurudishwa nyuma. Mfuasi akishaleta 30, kiongozi atatamani kupunguza. Kwa kanuni ya nusu, jibu bora kwa 30 ni 45, ambalo lingempa 2,025 badala ya 1,800. Mfuasi akijua kwamba kiongozi anaweza kugeuka hivyo, hataziamini zile 60 na hatarudi nyuma hadi 30. Wote watajikuta tena kwenye 40 kwa 40. Kwa hiyo tangazo pekee halitoshi. Kinachomfanya mtu awe kiongozi ni maji yaliyokwisha fika sokoni, au kwa kampuni, kiwanda kilichokwisha jengwa.

Stackelberg aliona hatari nyingine: wote wawili wakitaka kuongoza. Kila mmoja akileta 60 kwa kutumaini kwamba mwenzake atarudi nyuma, jumla inakuwa 120 na bei inakuwa sifuri. Hapo mwenye 60 zake haambulii hata sentimi, ilhali mfuasi mtiifu aliyeleta 30 angeondoka na 900.